Mpangaji wangu ana mbwa: kelele asubuhi na kinyesi uwanjani. Nimwambieje bila ya kugombana?

#1 BiMkubwa_Mbweni
Assalaam alaykum jamaa. Nina nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha hapa Mbweni, uwanja mmoja, geti moja, kamba za nguo pamoja, na mie mwenyewe nakaa juu. Kijana wa chini kaingia na mbwa. Alinieleza mapema na nilimkubalia, nikaona atasaidia ulinzi. Kodi kalipa miezi 6, na ni mtu wa adabu, hana neno na mtu. Sasa mwezi wa tatu huu mbwa anabweka kila asubuhi kijana akishatoka kwenda kazini kwake, na kinyesi nakikuta uwanjani, siku nyengine chini ya kamba za nguo khasa. Mjukuu wangu anacheza pale pekupeku.

Nimeandika ujumbe huu lakini sijautuma: "Kijana, mbwa wako ametuchosha. Majirani wote wanalalamika. Mtoe, au utoke wewe." Mwanangu wa kike kausoma akaniambia mama, huu ni ugomvi. Nataka maneno ya kumkaza, lakini tubaki tunasalimiana. Na pia nataka kujua mbwa yule ana nini.

#2 Fundi_Tangi
Waalaykum salaam Bi Mkubwa. Mfunge kamba fupi nyuma ya nyumba, mbali na geti. Mbwa hubweka kwa sababu anaona watu. Asipoona mtu hanyamazi?

#3 Mtoto_wa_Fuoni
Pole mama. Mbwa akishaanza kuuma ndiyo basi tena, nenda hospitali leo leo, usisubiri.

#4 BiMkubwa_Mbweni
#3 hajauma mtu mwanangu. Anabweka tu na kuchafua.

#5 Mpangaji_Paje
Mie niko upande wa pili, mpangaji mwenye mbwa. Mwenye nyumba wangu wa mwanzo aliniambia hayo hayo "majirani wote wanalalamika". Niliuliza jirani gani, hakunitajia hata mmoja, nikaona wamenikalia kikao nyuma ya mgongo wangu. Tokea siku ile nikawa natoka na kurudi sitazami mtu. Wa sasa aliniita barazani, akanambia: "Jana saa 8 mchana mbwa wako alibweka mpaka nikashindwa kulala, na nimelinda usiku." Hapo nilisikia vibaya kwa ajili yake, na nikafanya kitu. Kwa hiyo Bi Mkubwa, sema ulichokiona na ulichokisikia wewe, na saa yake. Majirani waache wajisemee wenyewe.

#6 Ustadh_wa_Jioni
Bibi, kwanza mbwa ni najisi nzito katika madhehebu yetu. Uwanja mzima ushaharibika, hapo hapaswaliki.

#7 Mifugo_Kizimbani
Shekhe #6 nakuheshimu, ila usimtie hofu mama wa watu. Mbwa mkavu akipita juu ya kigae kikavu hapanajisiki kitu. Najisi inahama pakiwa na unyevu: mate, mkojo, kinyesi, au yeye mwenyewe akiwa kalowa mvua. Hapo ndipo kinaondolewa kile kitu chenyewe, kisha panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo.

Nakuja kwenye mbwa mwenyewe. Nimefanya kazi na wanyama miaka mingi, na kinachonifundisha ni saa. Bi Mkubwa, chukua karatasi. Siku sita, kila akianza andika saa aliyoanza, saa aliyonyamaza, kijana yupo au hayupo, na mbwa kageukia wapi: mlangoni, getini au mtini. Na kinyesi pia: umekikuta saa ngapi, na wapi. Usimtumie kijana ujumbe kabla ya karatasi hiyo.

#8 Ustadh_wa_Jioni
#7 umesema kweli kuhusu ukavu, nimeandika kwa haraka. Lakini nguo iliyoanguka chini ya kamba pale pana mkojo inabaki na tatizo lake.

#9 Mifugo_Kizimbani
Hilo halina ubishi.

#10 KarafuuWete
Huku kwetu Pemba msimu wa karafuu uwanja wote ni majamvi. Mwaka mmoja mbwa wa jirani alipita usiku juu ya karafuu zetu mbichi, akaacha alama na zaidi ya alama. Bibi yetu hakupiga kelele. Alimwita jirani asubuhi, akamwonyesha jamvi bila ya kuligusa, akamwambia "hili ni la kwako wewe kulisema, si la kwangu." Jirani mwenyewe ndiye aliyesema atamfungia mbwa usiku mpaka msimu umalizike. Mpaka leo nyumba mbili zile wanapelekeana futari.

Halafu faida ya kwetu, kichaa cha mbwa Pemba hakuna, kwa hiyo hata habari za chanjo hatusumbuliwi.

#11 Mifugo_Kizimbani
#10 kisa kizuri sana, lakini hiyo ya mwisho usiieneze. Ni kweli Pemba kichaa kiliwahi kutoweka. Kikarudi 2016 kwa kuingizwa kutoka nje ya kisiwa, na kilitoweka tena 2018 kwa sababu mbwa walichanjwa kwa wingi. Ukiacha kuchanja, jahazi moja lenye mbwa mgonjwa linatosha. Bi Mkubwa, muulize kijana kadi ya chanjo, inataka kurudiwa kila mwaka. Hilo ni swali la kawaida na halina tusi ndani yake.

#12 Sheha_Mstaafu_Magh
Nimekaa kwenye usheha miaka mingi, kesi kama hizi zilikuwa zinaletwa kwangu. Ushauri wangu: msianze kwa sheha. Mpangaji akiitwa kwa sheha kabla hajaambiwa nyumbani, anahesabu kashitakiwa. Mwambie wewe kwanza, kwa mdomo, kisha mwandikie yale yale mliyokubaliana. Akivunja, hapo uje na karatasi yako mkononi. Na mkataba unasemaje kuhusu mnyama?

#13 BiMkubwa_Mbweni
Mkataba unasema "asisababishe usumbufu kwa wengine", mbwa hakutajwa. Mie nilimkubalia kwa mdomo. Karatasi nimeanza leo.

#14 Sheha_Mstaafu_Magh
Basi huwezi kumwambia mbwa hana ruhusa, ruhusa umeitoa wewe. Unalo neno la usumbufu tu. Simama hapo hapo, panatosha.

#15 Kuku_wa_Bububu
Kwetu tatizo ni jogoo. Saa 9 usiku. Mwenye nyumba anasema jogoo ni sunna kufugwa. Sasa mie nimwandikie nani ujumbe?

#16 Fundi_Tangi
#15 jogoo ana dawa yake, pilau.

#17 BiMkubwa_Mbweni
Siku sita zimetimia. Nayaweka kama nilivyoandika.

Asubuhi: kijana anatoka saa 1 na nusu. Siku zote sita mbwa kaanza baada ya dakika tano mpaka kumi, na hakunyamaza kwa kiasi cha dakika 40. Sauti si ya ukali, ni kama kulia, nyembamba, inapanda. Amekaa mlangoni kwa ndani, nasikia na kucha zake kwenye mbao.

Mchana: saa 6 na nusu hivi, watoto wa skuli wakipita. Hapo anabweka sauti nzito, dakika moja mbili, wakishapita ananyamaza. Anakuwa dirishani, linatazama geti.

Usiku: mara tatu katika wiki, kati ya saa 7 na saa 9. Kijana yupo. Kifupi kifupi.

Kinyesi: mara nne. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nimekikuta baada ya saa 1 asubuhi, kijana akishamfungulia mlango na yeye mwenyewe yuko ndani anavaa. Lakini Jumamosi nimekikuta saa 11 alfajiri nikienda kuswali, mlango wa kijana umefungwa na geti liko wazi kidogo.

#18 Mifugo_Kizimbani
Ahsante sana mama, umeandika vizuri kuliko wengi ninaowajua. Hapo unaona kelele za aina tatu kutoka kwa mbwa mmoja, na kila moja ina sababu yake.

Ya mchana ndiyo nyepesi. Fundi #2 alikuwa na nusu ya haki: anaona watu. Mbwa anabweka, watoto wanapita kwa sababu walikuwa wanapita tu, yeye anahesabu kawafukuza. Kesho anabweka tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu jana "ilifaa". Ziba geti kwa chini, kiasi cha mita moja, bati au makuti, na dirisha lile liwekwe pazia zito. Asipowaona, hana wa kumfukuza.

Ya asubuhi ni jambo jengine, na hapo kamba fupi ya Fundi itaharibu zaidi. Kuanza dakika chache tu baada ya mtu wake kuondoka, kulia kwa sauti nyembamba, kucha mlangoni: huyu anahangaika kwa kuachwa peke yake. Ukimfunga nyuma atalia vile vile na atajiumiza shingo. Kuna kipimo kimoja chepesi. Kijana achukue kifuu cha nazi kilichosuguliwa laini, apake ndani ugali uliopondwa na dagaa, amwachie akitoka. Akirudi akikuta kifuu kimelambwa, basi mbwa alikuwa hana shughuli tu, na kifuu chenyewe ni nusu ya dawa. Akikuta hakikuguswa, kisha mbwa anakila pale pale mtu wake akiingia, basi ni hofu. Mbwa mwenye hofu hali. Kifuu kikipasuka kitupwe, vipande vyake vinakata.

#19 Mpangaji_Paje
Wangu hakugusa. Niliona ajabu, mbwa mlafi kama yule.

#20 Fundi_Tangi
Nakubali kuhusu asubuhi. Lakini si angempiga kofi moja akirudi, ajue kosa lake?

#21 Mifugo_Kizimbani
Hapana ndugu yangu. Akirudi saa 10 jioni akimpiga, mbwa haunganishi kofi na kelele za asubuhi. Analiunganisha na kurudi kwa mtu wake. Sasa anaogopa kuachwa na anaogopa kurudiwa.

Dawa ya hofu ni polepole. Siku za mapumziko kijana atoke mlangoni dakika moja, arudi kabla mbwa hajaanza. Kisha mbili, kisha tano. Akianza kulia, umekwenda mbali, rudi nyuma. Inachukua wiki nyingi, wengine miezi. Kwa sasa asiachwe peke yake zile saa za kwanza ikiwezekana, na atembezwe kweli kweli alfajiri kabla ya kazi.

#22 Mpangaji_Paje
Mie nilimlipa kijana wa jirani akawa anakaa naye barazani asubuhi. Mwezi na nusu nikawa naweza kutoka saa mbili bila ya kelele. Siku nzima mpaka leo bado hawezi, sidanganyi.

#23 DadaWaKiembesamaki
Jamani mnaongea kelele tu, na mtoto anayecheza pekupeku? Mwanangu alipata ile minyoo inayochora chini ya ngozi ya mguu, mstari mwekundu unatembea kila siku kidogo, anakuna usiku kucha. Tuliambiwa inatokana na kinyesi cha mbwa kwenye mchanga. Bi Mkubwa, piga maji uwanja wote kwa mpira kila siku.

#24 Mifugo_Kizimbani
Pole kwa mtoto. Ulichoambiwa ni sawa, hiyo ni minyoo ya safura ya mbwa. Ila mpira wa maji usiutumie mwanzo. Kinyesi kibichi cha leo bado hakijawa na wale wadudu wa kupenya ngozi, wanahitaji siku kadhaa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli wakue. Ukipiga maji unakitawanya na unawapa unyevu wanaoutaka. Kiokote siku hiyo hiyo kikiwa kizima, na mchanga wa chini yake kidogo, kwa beleshi dogo, kwenye ndoo yenye mfuniko. Baada ya hapo ndiyo maji, na kwenye vigae tu. Na mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Pale alipokojoa kwenye vigae, sabuni na maji, kisha siki. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo mbichi, mvuke wake unachoma kifua.

#25 Sheha_Mstaafu_Magh
Hamjasema kuhusu Jumamosi. Kinyesi cha saa 11 alfajiri si cha mbwa wa kijana. Mlango ulikuwa umefungwa.

#26 BiMkubwa_Mbweni
Nimelifikiria usiku kucha. Geti letu halishiki komeo vizuri, na mbwa koko wanapita njia ile. Na mie nilishamwambia mke wa jirani "mbwa wa kijana kafanya tena". Nimemsingizia.

#27 Paka_wa_Vuga
Yaweza kuwa paka.

#28 Mifugo_Kizimbani
Paka anafukia kwenye mchanga, mara nyingi. Kama kilikuwa juu na ni kikubwa, mbwa. Tazama nyayo karibu na geti asubuhi mapema kabla watu hawajapita.

#29 BiMkubwa_Mbweni
Nimeandika upya. Nisomeeni:

"Habari za kazi mwanangu. Nataka tukae tuzungumze kuhusu mbwa. Ruhusa nilikupa na sijaiondoa. Ila wiki hii siku sita zote amelia kiasi cha dakika 40 ukishatoka, na mara tatu nimekuta kinyesi chake uwanjani asubuhi. Mara ya nne nilidhani ni wake, nikasema hivyo kwa jirani, kumbe geti lilikuwa wazi na yeye yuko ndani. Hilo nimekosea, na jirani nimeshamwambia.

Naomba mawili. Kuanzia kesho asitoke uwanjani peke yake, utoke naye, na anachoacha ukiondoe hapo hapo. Beleshi na ndoo nimeweka chini ya ngazi. Hili halina muda wa kusubiri kwa sababu ya watoto. La kelele najua haliishi kwa siku moja. Nakupa wiki nne, na kila Ijumaa baada ya magharibi tukae dakika kumi tuone limefika wapi. Mie nitatengeneza komeo na kuziba geti kwa chini kwa pesa yangu. Wiki nne zikipita na asubuhi bado ni vile vile, itabidi mchana akae kwengine. Leo jioni una nafasi au kesho?"

#30 Mpangaji_Paje
Mie ningepokea ujumbe huu ningepanda juu saa hiyo hiyo. Ile ya kukiri kosa lako ndiyo ingenifanya nisikilize yaliyobaki.

#31 Fundi_Tangi
Mie naona umekubali kosa mapema mno. Ataning'inia hapo hapo kwenye kinyesi cha Jumamosi.

#32 Sheha_Mstaafu_Magh
Hataning'inia, zile tatu zina siku na saa. Ila ondoa "mchana akae kwengine" kwenye simu. Hilo limwambie uso kwa uso, mkiwa mmekaa. Likisomwa kwenye simu linakuwa notisi ya kuhama.

#33 DadaWaKiembesamaki
Mie ningeliacha. Mtu ajue mwisho wake tangu mwanzo.

#34 BiMkubwa_Mbweni
Nimemsikiliza Sheha, nimeliondoa na kulisema kwa mdomo. Kijana kaja jana jioni. Kanyamaza muda, kisha kasema hakujua kabisa kwamba mbwa analia, kwa sababu akiwepo hana kelele. Nilimpigia sauti niliyorekodi kwenye simu yangu, asubuhi ya Alkhamisi. Kasikiliza mpaka mwisho, macho chini. Kadi ya chanjo kaileta mwenyewe, imepita miezi miwili, kasema atampeleka. Kifuu katia leo asubuhi.

#35 Mifugo_Kizimbani
Na kifuu?

#36 BiMkubwa_Mbweni
Hakukigusa. Kalia dakika 35. Kijana kaniuliza kama mwanangu wa kike anaweza kukaa naye asubuhi kwa malipo, mwanangu kasema atajaribu wiki moja, ila kumshika mbwa mwenye mate hataki. Tumeelewana mbwa akae barazani, yeye akae kitini.

Uwanja siku tatu hizi ni safi. Kijana anatoka naye kwa kamba saa 11 na nusu.

#37 KarafuuWete
Alhamdulillah. Na zile za usiku?

#38 BiMkubwa_Mbweni
Hizo bado. Jana saa 8 usiku tena. Kijana anasema mbwa anatazama juu, kwenye mwembe.

#39 Paka_wa_Vuga
Komba. Embe zikiiva wanakuja, na sauti yao kama mtoto analia.

#40 Mifugo_Kizimbani
Komba yawezekana kabisa. Lakini embe bado hazijaiva, na mbwa koko wanapita usiku huo huo.

#41 Fundi_Tangi
Au mtu. Komeo lishatengenezwa?

#42 BiMkubwa_Mbweni
Fundi anakuja kesho. Usiku huu nitakaa dirishani na tochi.